Tuzo ya Mahakama ya Viwanda kuhusu wenzetu waliopunguzwa: maswali mnayotuuliza tawini

Tangu tuzo, yaani uamuzi wa korti, isomwe Kampala, ofisi ya tawi la chama chetu cha wafanyakazi haikauki watu. Wengine wanatoka Tororo mjini, wengine Malaba, na simu za Busia hazikatiki. Karatasi yenyewe ni ndefu, imeandikwa kwa Kiingereza cha mawakili, na kila aliyeisoma anasimulia yake. Hapa nimejibu yale yanayoulizwa zaidi. Majina ya wadai na ya kampuni nimeyaacha makusudi, kwa sababu muda wa rufaa bado uko wazi. Namba za vifungu ni zile za Sheria ya Ajira ya 2006 kama ilivyochapishwa mwanzo. Katika toleo jipya la sheria za Uganda namba zimesogea kidogo, kwa hiyo msishtuke wakili akitaja nyingine.

Kwa ufupi, tumeshinda au tumeshindwa?

Tumeshinda kwenye utaratibu, tumeshindwa kwenye sababu. Korti imekubali kwamba kampuni ilikuwa na sababu ya kweli ya kupunguza watu: mteja wake mkubwa aliondoa mzigo wake, na mizani mbili za malori zikaunganishwa kuwa moja inayoendeshwa kwa kompyuta. Lakini imesema namna watu walivyoondolewa ilivunja kifungu cha 81, na kwa hiyo kuachishwa kwao hakukuwa halali. Pesa zote mnazozisikia zinatokana na nusu hiyo ya pili. Anayewaambia korti imesema kampuni haikuwa na haki ya kupunguza watu hajaisoma tuzo.

Kifungu cha 81 kinadai nini hasa?

Kinahusu mwajiri anayekusudia kuachisha watu wasiopungua 10 ndani ya muda usiozidi miezi 3, kwa sababu za kiuchumi, za kiteknolojia, za muundo wa kampuni au zinazofanana na hizo. Mwajiri huyo ana wajibu wa aina mbili. Kwanza, akipe chama cha wafanyakazi taarifa wiki 4 kabla ya mtu wa kwanza kuondoka: sababu ni zipi, watu ni wangapi na wa kazi gani, na zoezi litachukua muda gani. Pili, amwandikie Kamishna wa Kazi mambo hayo hayo. Ile wiki 4 ina mlango mmoja wa kutokea: mwajiri akithibitisha kwamba haikuwezekana kabisa kuitimiza.

Uganda pia iliridhia Mkataba wa Shirika la Kazi Duniani namba 158 mwaka 1990, na kifungu chake cha 13 kinataka wawakilishi wa wafanyakazi wapewe nafasi ya kujadiliana juu ya njia za kuepuka au kupunguza makali. Korti imeusoma pamoja na sheria yetu. Kwa hiyo taarifa haitolewi ili chama kijue tu nani anaenda, inatolewa mapema ili chama kiweze kusema, "Hawa kumi wahamishieni Busia," au "Punguzeni zamu kwanza."

Kampuni ilisema barua za kwanza zilikuwa 9 tu. Mbona kifungu hicho kikawahusu?

Hapa ndipo kesi ilipopata utamu. Barua zilitoka kwa mafungu mawili: watu 9 tarehe 10 Agosti 2023, na watu 22 tarehe 29 Septemba. Wakili wa kampuni alishikilia kwamba fungu la kwanza halikufika 10, kwa hiyo lisihesabiwe, na la pili lina hadithi yake.

Korti ilikataa. Sheria inamwangalia mwajiri anayekusudia, haiangalii bahasha. Na kusudi lilionekana kwenye karatasi za kampuni yenyewe: kumbukumbu za kikao cha bodi cha mwezi Juni, zilizotolewa baada ya wakili wetu kuomba nyaraka, zilikuwa na mstari unaosema idadi ya wafanyakazi wa yadi "ishuke kwa takriban 30 kabla ya mwisho wa robo ya tatu". Ukishakuwa na mstari huo, 9 na 22 ni zoezi moja la watu 31 lililofanyika ndani ya miezi 3.

Kumbukumbu hizo hizo ziliua na utetezi wa pili. Meneja alikuwa ametoa ushahidi kwamba mteja aliondoka ghafla, hivyo wiki 4 hazikuwezekana. Aliyejua tangu Juni hawezi kusema Septemba kwamba ameshtukizwa.

Lakini si tulikuwa na kikao na meneja pale chini ya mwembe?

Kilikuwepo, na shahidi wetu alikikubali bila kuzunguka. Meneja alizungumza na watu wote wa zamu ya asubuhi, akasema hali ya biashara ni mbaya na huenda kukawa na mabadiliko. Korti imesema hiyo si taarifa kwa chama. Hakukuwa na idadi, hakukuwa na aina za kazi zitakazoguswa, hakukuwa na tarehe, na katibu wa tawi hakuandikiwa chochote. Kamishna aliandikiwa tarehe 25 Septemba, yaani siku 4 kabla ya fungu la pili na wiki kadhaa baada ya la kwanza.

Je, korti imesema mgeni ndiye angetoka kwanza, wakongwe wabaki?

Hapana, na hapa tuliangushwa. Tulidai kwamba wa mwisho kuingia ndiye alipaswa kuwa wa kwanza kutoka, na wakongwe kadhaa wa mizani wasingeguswa. Korti iliuliza swali moja tu: utaratibu huo umeandikwa wapi? Katika Sheria ya Ajira haumo. Tukafungua mkataba wetu wa pamoja na kampuni, nao haumo. Kampuni ilionyesha orodha ya nafasi zilizofutwa, na nafasi ya karani wa mizani ilikuwa imefutwa kweli.

Nikiulizwa maoni yangu, korti haikukosea. Mkataba ule tulishauriwa kuongeza kipengele cha kupunguza watu tulipoufanya upya, tukamaliza nguvu zote kwenye posho ya chakula. Majadiliano yanayokuja, rasimu ya kipengele hicho iko mezani kwa mwenyekiti. Kinataja namna ya kuchagua wanaotoka na pia kima cha kiinua mgongo, kwa sababu kama mtakavyoona chini, hilo la pili nalo lilituacha mikononi mwa korti.

Korti imeamuru malipo gani?

Mambo manne: upungufu wa notisi, kiinua mgongo, siku za likizo ambazo hazikuchukuliwa, na fidia ya jumla. Juu yake riba ya asilimia 10 kwa mwaka tangu siku ya tuzo mpaka deni liishe. Vyeti vya utumishi vitolewe kwa wote. Gharama za kesi, kila upande ubebe zake.

Notisi imehesabiwaje? Mimi nililipwa mwezi mmoja.

Wote mlilipwa mwezi mmoja badala ya notisi, na hilo ndilo kosa. Kifungu cha 58 kinapanda na umri wa utumishi. Aliyezidi miezi 6 lakini hajafika mwaka anastahili wiki 2. Aliyetimiza mwaka lakini hajafika miaka 5, mwezi 1. Kuanzia miaka 5 hadi kabla ya 10, miezi 2. Miaka 10 na kuendelea, miezi 3. Kwa hiyo vijana wa chini ya miaka 5 hawadai chochote kwenye mstari huu; walishapata chao. Wanaodai ni wakubwa wao.

Kiinua mgongo je? Meneja anasema mtu akipunguzwa hana haki nacho.

Meneja ana nusu ya ukweli, na ni vizuri mlijue hili msije mkawaahidi watu wa kampuni nyingine mambo yasiyokuwepo. Kifungu cha 87 kinaorodhesha hali ambazo mwajiri lazima alipe kiinua mgongo kwa mtu aliyetumika mfululizo miezi 6 au zaidi: kuachishwa kwa njia isiyo ya haki, kifo kazini, mwili kushindwa kazi, mwajiri kufilisika au kufa, na nyinginezo. Kupunguzwa kazini kwa utaratibu sahihi hakumo katika orodha hiyo. Kama kampuni ingetuandikia ile taarifa ya wiki 4 na kumwandikia Kamishna kwa wakati, huenda wenzetu wangeondoka na notisi na likizo tu, isipokuwa mkataba ungesema vingine.

Ni kule kuvunja kifungu cha 81 kulikofanya kuachishwa kuwe si kwa haki, na hivyo kufungua mlango wa 87. Mlango ukishafunguka, swali ni kiasi. Sheria, katika kifungu cha 89, inaacha hesabu ya kiinua mgongo kwa makubaliano kati ya mwajiri na wafanyakazi au chama chao. Sisi hatukuwa na makubaliano. Korti ikafuata kanuni iliyoiweka yenyewe katika kesi ya 2015 dhidi ya Benki ya DFCU: pasipo makubaliano, mshahara wa mwezi mmoja kwa kila mwaka wa utumishi. Katika tuzo yetu, miezi inayozidi mwaka kamili imehesabiwa kwa sehemu yake, haikutupwa.

Ni mshahara upi unaotumika kwenye hesabu?

Mshahara wa mwezi wa mwisho kabla ya makato, kama ulivyo kwenye hati yako ya malipo. Saa za ziada hazimo, posho ya chakula haimo, wala ile pesa ya safari ya madereva. Madereva wamelalamika sana juu ya hili na nawaelewa, maana kwa wengine safari ilikuwa inazidi mshahara. Lakini ilikuwa inalipwa kwa safari, mezani, bila kuingia kwenye hati, na hatukuwa na cha kuonyesha kwamba ilikuwa sehemu ya mshahara.

Naomba hesabu ya mtu mmoja, hatua kwa hatua.

Tumchukue karani wa mizani aliyeingia tarehe 1 Aprili 2013 na kutoka tarehe 30 Septemba 2023. Mshahara wake ulikuwa shilingi 900,000.

Utumishi wake ni miezi 126, yaani miaka 10 na nusu. Amevuka miaka 10, basi notisi yake ni miezi 3, ambayo ni 2,700,000. Alishalipwa mwezi mmoja, 900,000. Anadai 1,800,000.

Kiinua mgongo ni 900,000 mara 10.5, yaani 9,450,000.

Likizo: sheria inampa siku 7 kwa kila miezi 4 ya kazi, na rejista ya kampuni ilionyesha siku 14 ambazo hakuzichukua. Tuzo imegawa mshahara kwa siku 26 za kazi kupata thamani ya siku moja, ambayo ni 34,615 na senti. Mara 14 inakuja 484,615.

Fidia ya jumla kwa kundi lake ni 6,000,000.

Jumla yake ni 17,734,615. Kampuni ikikaa mwaka mzima bila kulipa, riba ni karibu 1,773,000 juu yake.

Sasa mweke kando ya mpakiaji aliyetoka na fungu la kwanza tarehe 31 Agosti 2023, aliyeingia tarehe 1 Januari 2021 kwa mshahara wa 450,000. Ana miezi 32. Notisi yake ni mwezi mmoja na alishaupata, kwa hiyo hapo ni sifuri. Kiinua mgongo ni 450,000 mara 32, gawa kwa 12, sawa na 1,200,000. Siku 6 za likizo ni 103,846. Fidia ya jumla kwa kundi lake ni 3,000,000. Jumla 4,303,846. Mkiona mtu wa miaka miwili kapata robo ya mwenzake, si upendeleo, ni hesabu tu.

Hiyo fidia ya jumla imetoka wapi? Haina kanuni?

Haina. Ni kiasi ambacho korti inaona kinatosha kwa usumbufu na fedheha ya kuondolewa kinyume cha sheria, ikiangalia umri wa utumishi, namna mtu alivyotendewa na nafasi ya kupata kazi nyingine. Tuzo imegawa wadai katika makundi mawili: chini ya miaka 5, shilingi 3,000,000 kila mmoja, miaka 5 na zaidi, 6,000,000. Korti imesema wazi imeiweka chini kwa sababu kampuni ilikuwa na sababu ya kweli na haikumdhalilisha mtu getini.

Kwangu ni kidogo. Mtu wa miaka 5 na mtu wa miaka 19 wametiwa kapu moja, na hakuna maelezo ya kwa nini.

Mbona hatukupewa mishahara mpaka umri wa kustaafu? Wakili aliiomba.

Aliiomba, na alituambia mapema kwamba itakataliwa. Mahakama ya Juu ilishasema katika rufaa ya Benki Kuu ya Uganda, namba 12 ya 2007, kwamba mtu aliyeachishwa kinyume cha sheria halipwi miaka yote iliyobaki hadi kustaafu. Mkataba wa kazi unaweza kuisha kwa notisi, basi kipimo kinaanzia kwenye notisi.

Lililokataliwa jingine ni zile wiki 4 za mshahara baada ya makato zinazotajwa katika kifungu cha 66. Hizo ni za mtu aliyefukuzwa kwa kosa au kwa uzembe bila kusikilizwa. Wenzetu hawakushtakiwa kosa lolote, kwa hiyo hakukuwa na la kujitetea.

Nilisaini ile karatasi ya "nimepokea haki zangu zote". Nimejifunga?

Hukujifunga. Wadai 6 walikuwa wamesaini, na kampuni iliomba watolewe kwenye kesi. Korti ilisoma kifungu cha 27, kinachosema makubaliano ya kumnyima mfanyakazi haki alizopewa na Sheria hayana nguvu. Mlichopokea kinatolewa kwenye hesabu, basi.

Walioachishwa ni 31, wadai ni 28. Wale watatu?

Tuzo haiwapi pesa. Inawafunga waliotajwa kwenye jedwali lake, na hao watatu waliamua wenyewe kutojiunga. Lalamiko la kuachishwa isivyo haki linapelekwa kwa afisa wa kazi ndani ya miezi 3, ingawa anaweza kulipokea baadaye mlalamikaji akionyesha sababu ya haki ya kuchelewa. Waje tuwaunganishe na wakili, lakini wasije wakidhani fungu lao limehifadhiwa mahali.

Na wale saba wa karakana waliopunguzwa mwaka uliotangulia?

Saba hawafiki 10, na hakuna wengine waliotoka ndani ya miezi 3 hiyo. Kifungu cha 81 hakiwagusi. Bado mwajiri alikuwa na wajibu wa kutoa sababu ya kweli na notisi kamili, kwa hiyo aliye na zaidi ya miaka 5 na alilipwa mwezi mmoja alete barua yake tuiangalie.

Kampuni ikikata rufaa, pesa zinasimama?

Si zenyewe. Sheria ya Migogoro ya Kazi ya 2006 inaruhusu kwenda Mahakama ya Rufaa kwa hoja ya sheria au ya mamlaka ya korti, si kubishania ushahidi upya. Taarifa ya rufaa inawasilishwa ndani ya siku 14. Kuwasilisha rufaa peke yake hakuzuii utekelezaji. Kampuni lazima iombe amri ya kusimamisha, na kwa kawaida mwombaji hutakiwa kuweka dhamana. Tunachotarajia ni wao kushambulia kule kujumlisha 9 na 22, kwa sababu ndiyo hoja ya sheria iliyo wazi. Ikianguka hiyo, fungu la kwanza ndilo litakaloumia. La pili linasimama lenyewe kwa watu wake 22.

Kodi itakatwa?

Itakatwa. Fidia ya kuachishwa kazi ni mapato ya ajira machoni pa URA, mamlaka ya mapato ya Uganda. Ila kwa aliyemtumikia mwajiri huyo miaka 10 au zaidi, sheria inaingiza asilimia 75 tu ya fidia hiyo kwenye mapato yanayotozwa. Kiinua mgongo cha karani wetu wa mizani ni 9,450,000, kwa hiyo kinachotozwa ni 7,087,500. Mhasibu wa kampuni asipojua hili atakutoza yote. Kabla ya kusaini kupokea chochote, dai karatasi inayoonyesha kila mstari na kodi yake, ulete nakala ofisini.

Mwenzetu mmoja alifariki kesi ikiendelea. Mjane aje na nini?

Haki yake haikufa, ni sehemu ya mali ya marehemu. Kampuni haitamlipa mjane mkononi, na ina haki kukataa. Familia ianze na cheti cha kifo, kisha barua ya kutokuwa na pingamizi kutoka ofisi ya Msimamizi Mkuu wa Mirathi, halafu iombe kortini barua za usimamizi wa mirathi. Mzee wa ukoo peke yake na barua ya LC, yaani baraza la mtaa, haitoshi. Mama aje ofisini siku yoyote ya kazi. Nakala ya ukurasa wa jedwali wenye jina la marehemu na kiasi chake tumeshamtengea.